Saa Moja ya Zamu ya Usiku

Jua lilikuwa linazama, na uzi wa nailoni ulikuwa umekwisha.

"Naenda kutafuta uzi," alimwambia kaka yake. Kaka alikuwa na misumari mitatu mdomoni, akaitikia kwa pua tu, macho hayakubanduka kwenye kochi.

Hakudanganya. Uzi ulikuwa umekwisha kweli. Ila ndani ya blauzi, upande wa moyo, alikuwa ameficha kadi yake ya kliniki ya tangu azaliwe, na njia aliyoishika haikuwa ya kwenda duka la nyuzi.

Mtaani walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa ajili ya ile sindano ndefu iliyopinda, ya kushonea makochi, ambayo huichomeka kwenye kilemba chake. Wengine walisema ni kwa sababu ni mwembamba na kimya, humsikii mpaka akuchome. Hiyo ya pili ilikuwa utani. Katika miaka yake thelathini na minane Sindano hakuwahi kumchoma mtu. Kaka akimkatisha maneno, alinyamaza. Mteja akimtukana, alitabasamu. Hasira aliimeza kama mtu anavyomeza mate, na akaiona hiyo kuwa ndiyo uchaji Mungu.

Sasa nyumbani kulikuwa na kitu.

Kilianza na kochi la mteja. Magharibi moja walilikuta limepasuliwa tumbo, springi nje, sponji imetapakaa hadi barazani. Mipasuo saba. Halafu, baada ya siku nne, ikawa zamu ya wifi yake. Alijilaza kidogo jua likizama, akaamka mkanda wa kochi umemzunguka shingo, unakazwa... unakazwa... na nyuma yake mtu anahema. Alipona kwa kupiga teke meza ya vikombe. Alama ilikuwa bado shingoni, nyekundu, pana kama vidole viwili. Mara zote mbili ilikuwa baada ya magharibi, na mara zote mbili palinuka chuma cha moto.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na watoto mapacha wa miezi minane.

Kwa hiyo Sindano alikwenda. Alijua ni kosa. Mtu wa sala hapeleki mzigo wake kwa mtazama nyota. Aliomba msamaha njiani, na huku anaomba miguu ikaendelea kutembea. Binadamu ndivyo tulivyo.

Mama Nakala mchana alitoa nakala za vyeti vya watu kwenye kibanda chake cha mashine. Jioni, akishavuta pazia, alisoma nyota. Hakuwa na kaniki wala ubani. Alikuwa na vitabu vya majedwali, rula, penseli iliyochongwa na ubani wa kutafuna mdomoni.

"Kadi," alisema.

Aliiweka chini ya taa. Tarehe ilisomeka. Mahali pa saa, nesi alikuwa ameandika 1:00, na pembeni mhuri: ZAMU YA USIKU.

"Saa saba za usiku," Mama Nakala alisema, akaanza kuchora duara. "Sikiliza, mdogo wangu. Mbingu tunaigawa nyumba kumi na mbili. Fungu la nyota lililokuwa linachomoza mashariki ulipolia mara ya kwanza, hilo ndilo nyumba ya kwanza, na nyingine zinafuata kwa zamu. Ndiyo maana saa ni kila kitu. Kila saa mbili, mlango wa mashariki unapokea fungu jingine. Saa hiyo yako walikuwa wanachomoza Mashuke. Kwa hiyo Mizani ni ya pili, Nge ni ya tatu. Na ndani ya Nge..."

Penseli ilisimama.

"Jua. Na Mirihi."

"Mirihi ni nini?"

"Nyota nyekundu. Chuma, damu, kisu, ugomvi. Na Nge ni nyumbani kwake mwenyewe, kwa hiyo ana nguvu." Aliacha kutafuna. "Nyumba ya tatu ni ya ndugu. Uliyezaliwa naye tumbo moja, na majirani. Una ndugu wangapi?"

"Mmoja."

Mama Nakala aliikunja kadi, akamrudishia.

Sindano alirudi nyumbani bila uzi.

* * *

Kwa siku nzima alimtazama kaka yake. Alimtazama anavyokunywa chai, anavyomrusha pacha mmoja juu na kumdaka. Alikumbuka mambo. Baba alipofariki aliwaachia karakana wote wawili, lakini kibao cha mlangoni kiliandikwa jina la Kaka peke yake. Alikumbuka pia stoo. Kwa miaka kumi na tisa Sindano alikuwa na stoo ndogo nyuma ya karakana, ya kuwekea vitambaa, na humo kila siku alijifungia saa nzima na Mungu wake. Hakukosa. Mapacha walipozaliwa, Kaka alihamishia vitambaa kwenye varanda na kuweka kitanda stoo.

"Sala si popote?" alisema siku hiyo, akicheka. "Mungu hana chumba maalumu."

Sindano naye alicheka. Toka siku hiyo alilala humo na mama mkwe wa Kaka, aliyekuja kulea, upande mmoja na pacha upande mwingine. Hakuwa na dakika yake.

Jioni wifi aliwapeleka watoto kwa jirani kuoga, kwa kuwa bomba la nyumbani lilikauka. Karakana walibaki wawili. Taa ilikuwa haijawashwa. Kupitia mlango wa mashariki, juu ya paa za watu, nyota moja nyekundu ilikuwa imeanza kupanda, haimeti, imekaza tu kama jicho.

"Kaka," Sindano alisema. "Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Kochi. Shingo ya wifi. Umekwenda kwa nani? Umetuletea nini humu ndani?"

Kaka aligeuka, nyundo mkononi. Kwanza alifikiri ni mzaha.

"Wewe Sindano, una homa?"

"Nimesomewa. Imetajwa ndugu."

"Umesomewa na nani? Na yule mama wa fotokopi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe na rozari zako na magoti yako yenye sugu! Ama kweli. Hebu kaa hapo, mdogo wangu, pumzika, umechoka. Kesho tutakutafutia hata mume, huenda akili zikarudi."

Kitu kilipanda kooni mwa Sindano, kichungu, cha moto.

Akakimeza.

Aliketi kwenye kochi ambalo halijavikwa ngozi. Macho yalikuwa mazito. Alisikia nyundo ya Kaka, ko, ko, ko. Alisikia pumzi yake mwenyewe.

Halafu akasikia pumzi nyingine.

Ilinuka. Chuma cha moto.

Pazia la nyuma lilisogea na mwanamke akaingia. Alikuwa mwembamba. Alivaa aproni ya Sindano, na Sindano alijitazama kifuani, akaiona aproni yake bado ameivaa. Mwanamke alitembea bila kukanyaga hata kipande kimoja cha kitambaa kati ya vyote vilivyotapakaa sakafuni. Kwenye meza aliokota kirungu cha kugongea mbao za makochi.

Kaka alikuwa ameinama.

Sindano alitaka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Kaka alinguruma, akageuka, na pigo la pili likapokelewa na mkono aliouinua. Mfupa ulilia kama ubao mkavu. Pigo la tatu lilikuwa la kichwa.

Alianguka juu ya springi. Yule mwanamke alimkalia mgongoni na kuendelea. Hakuharakisha. Alipiga kama fundi anavyopiga, kwa mpangilio, akitafuta mahali palipobaki. Damu iliruka ukutani na kuchirizika juu ya michoro ya vipimo ambayo baba yao aliichora kwa chaki.

Kisha akageuka.

Ulikuwa uso wa Sindano. Ila mdomo ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nailoni, mshono wa kurudia mara mbili, ule wenye fundo dogo mwishoni ambao fundi mmoja tu mtaani anaujua. Katikati, mshono mmoja ulikuwa umekatika. Kwenye tundu hilo kulikuwa na meno.

Yalikuwa yanatabasamu.

"Wifi! Wifi, kuna nini? Mbona giza..."

Taa iliwaka. Wifi alisimama mlangoni na ndoo. Kirungu kilikuwa sakafuni kando ya kichwa cha mumewe. Na Sindano alikuwa pale pale kochini, hatua sita mbali, mikono mapajani, bila tone la damu.

* * *

Hospitali walisema wangoje. Fuvu lilikuwa na ufa, mkono wa kulia umevunjika mara tatu. Akiamka kabla ya siku mbili, atapona. Asipoamka, basi.

Polisi walisema ni wezi.

Asubuhi shangazi yao alifika, mwanamke mnene wa miguu mibovu na ulimi mzima. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, akamvuta Sindano kifuani.

"Hospitali hii hii," alisema, akipangusa machozi. "Hapa ndipo nilipokupokea. Mama yako alipiga kelele usiku kucha, halafu wewe ukatoka kimya, kama umekuja kuazima chumvi. Nilifikiri umekufa. Jua lilikuwa linaingia dirishani, limenipiga jichoni, sikuona kama ni mvulana au msichana."

Sindano alijitoa kifuani.

"Jua, shangazi?"

"Jua, ndiyo. Saa moja ya asubuhi. Watu wanakwenda kazini, mimi nimebeba ndoo ya maji ya moto."

"Kadi imeandikwa zamu ya usiku."

"Si walikuwa hawajapokezana! Yule nesi alikuwa anasinzia, masikini. Nilimwambia saa moja, akaandika moja."

Saa moja. Moja.

Nesi aliandika kama tunavyosema. Mama Nakala alisoma kama saa ya ukutani inavyoonyesha. Katikati ya mkono mmoja na mwingine zilipotea saa sita, na ndani ya hizo saa sita kaka yake alikuwa amelala na ufa kichwani.

Sindano alikimbia.

Mama Nakala alikuwa na wateja watatu. Aliposikia "saa moja asubuhi", aliwafukuza wote na kuvuta pazia mchana kweupe. Alichora duara upya. Rula ilimponyoka mara mbili.

"Saa sita ni nyumba tatu," alinong'ona. "Aliyekuwa anachomoza ni Mshale. Mshale wa kwanza... Nge amekwisha kuchomoza kabla yake, yuko juu kidogo ya ukingo. Nge ni wa kumi na mbili." Aliweka penseli chini. "Ee Mungu wangu. Nimekupa ndugu yako wakati sikupaswa kukupa mtu."

"Nyumba ya kumi na mbili ni ya nini?"

"Ni ya nyuma ya mgongo wako. Nyota iliyokaa humo imechomoza muda mfupi kabla hujazaliwa, imekutangulia kuingia duniani, kwa hiyo wewe huioni. Watu wengine wanaiona. Ni nyumba ya vilivyofichwa. Hofu usizozijua, usingizi, wodi, gereza, chumba cha mtawa. Na adui wa siri."

"Adui ni nani?"

"Vitabu vinasema humo mtu hujiangamiza mwenyewe." Alimtazama machoni. "Jua likikaa humo, mwenye nyota anahitaji upweke kama wengine wanavyohitaji chakula. Akiupata, nyumba hiyo hiyo inakuwa ya sala, hakuna nyingine inayomsogeza mtu karibu na Mungu kuishinda. Akinyimwa, inakuwa shimo. Na Mirihi ikiwa humo... hiyo ni hasira isiyo na mlango. Mwenyewe anaapa hana hasira hata kidogo. Anaogopa ugomvi kuliko kifo. Inakwenda kufanya kazi yake pale yeye asipokuwepo. Lini uliacha kukaa peke yako?"

"Miezi minane."

"Na hicho kitu chenu kinakuja magharibi. Msimu huu Mirihi inachomoza jua linapozama. Kwa saa mbili hivi inapita palepale ilipokuwa ulipozaliwa, juu kidogo ya ukingo wa mashariki. Kila siku. Leo pia."

Leo Kaka alikuwa amelala wodini, hawezi hata kuinua mkono.

"Nifanye nini?"

"Mimi natoa nakala tu, dada yangu. Nimekwisha kukosea mara moja." Mama Nakala alilia waziwazi. "Ila usimkimbie huyo adui wako. Mpe chumba. Ukiwa macho. Na usimeze kitu."

* * *

Alitoa kitanda stoo yeye mwenyewe. Alifunga komeo kwa ndani, akapiga magoti juu ya saruji. Dirishani, jicho jekundu lilipanda.

Alianza sala zake za kila siku, zile nzuri, za shukrani.

Pigo lilimpata mbavuni.

Alianguka ukutani. Mwanamke alikuwa amesimama juu yake, kirungu mkononi, mdomo umeshonwa.

"Mungu wangu, nakushukuru kwa kaka yangu..."

Pigo. Meno mawili yalidondoka kwenye saruji kama punje.

Hapo alielewa. Alitema damu.

"Sikushukuru," alisema. "Namchukia anavyonicheka."

Tak. Mshono mmoja ulikatika kwenye mdomo wa yule mwanamke. Kirungu kilisubiri hewani.

"Karakana ni yangu nusu. Kila nikipita chini ya kibao kile, natamani kiungue."

Tak.

"Nilipoona alama kwenye shingo ya wifi... nilisikitika baadaye. Kwanza nilisema moyoni, sasa na wewe umejua kukabwa."

Tak.

"Pacha akilia usiku, nimewahi kuziba mdomo wake na kiganja. Kidogo tu. Niliondoa. Niliondoa, Bwana, unajua niliondoa!"

Tak. Tak.

Aliendelea. Alisema asiyowahi kuyasema hata kwenye giza la moyo wake, na damu ilimtoka na machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa anamwambia Mungu maneno ya kupendeza. Ukabaki mshono mmoja. Sindano alinyamaza.

Kirungu kilishuka gotini. Alisikia likipasuka.

"Nimemaliza!"

Kikashuka tena.

"Nimemaliza, sina kingine!"

Mwanamke aliinama. Uso kwa uso, chuma cha moto puani. Akainua kirungu usawa wa paji la uso, na Sindano aliyatazama yale macho yaliyo macho yake, akajua kwamba hili halitakwisha kwa uongo.

"Jana," alisema. "Sikuwa nimefungwa. Ningeweza kuinuka. Nilisema mdomo haufunguki... Sikuufungua. Nilitaka kuona."

Tak.

Mdomo ulifunguka wote. Sindano alifumba macho kungoja ukelele. Hakukuwa na ukelele. Kulikuwa na pumzi ndefu tu, ya mtu aliyetua mzigo, na pumzi hiyo ilitoka kifuani mwake mwenyewe.

Alipofumbua macho alikuwa peke yake. Kwenye saruji kulikuwa na meno yake mawili na vipande vifupi vya uzi wa nailoni, ule ambao nyumba nzima ulikuwa umekwisha tangu juzi.

Saa hiyo hiyo, wodini, Kaka aliomba maji.

* * *

Kaka alirudi nyumbani na mkono wa kulia uliokauka kama tawi. Sindano alimweleza yote, hata lile la mwisho. Kaka aliutazama mkono wake. Halafu alimrudishia stoo, na ufunguo. Hawakulizungumza tena. Kila magharibi Sindano alijifungia, akasema kweli yake yote, akatoka akichechemea lakini mwepesi. Hata mapacha walianza kumkimbilia.

Lakini Mirihi haichomozi saa ileile kila siku. Mama Nakala alimwandikia kwenye karatasi: kila siku inatangulia kwa dakika nne hivi, wakati mwingine zaidi. Mwezi mmoja, saa mbili. Magharibi ikawa alasiri. Alasiri ikawa saa tisa, saa nane. Sasa nyota ilichomoza mchana, haionekani, jua likiwa kali na karakana imejaa watu.

Wiki ya kwanza ya kujifungia mchana Kaka alimruhusu. Wiki ya pili alimruhusu akiguna.

Leo kulikuwa na makochi sita ya hoteli, na gari la kuyachukua limeshafika, dereva anapiga honi. Wifi alikuwa amekaa chini anachambua sponji, mapacha wakitambaa katikati ya mbao. Sindano alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita nusu saa tangu nyota ichomoze.

"Kaka, naomba niende stoo."

"Sindano, mdogo wangu, unaliona gari?" Kaka hakugeuka. Alikuwa anahangaika kuivuta ngozi kwa mkono wake mmoja mzima, jasho likimtiririka. "Leo tu. Mungu anajua kuna kazi. Nishikie hapa, upige msumari huu mmoja."

Akamnyooshea nyundo.

Ndani ya karakana, hakuna aliyekuwa amewasha moto wala kuchoma kitu. Lakini wifi aliinua kichwa, akanusa, akajishika shingo.

Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wa Sindano. Yalikuwa mawili tu: hapana, Kaka. Dereva alipiga honi tena. Watu walikuwa wanamtazama.

Akameza mate.

"Sawa, Kaka," alisema, akaipokea nyundo.